Masizi ya Chemli

Kwetu Muheza kusafisha kioo cha chemli ilikuwa kazi ya watoto, kwa sababu isiyohitaji mjadala: mkono wa mtu mzima haukupita. Kioo kile kimetuna tumboni, lakini midomo yake ya juu na chini ni myembamba. Basi kila siku baada ya alasiri aliitwa mtoto mwenye kiganja chembamba, akaketi barazani juu ya mkeka na kioo mapajani, taa ikasubiri pembeni ikiwa wazi. Kabla ya adhana ya magharibi kioo kiwe kimerudi mahali pake.

Bibi hakuruhusu maji. Alitupa kipande cha kanga iliyochakaa na jivu kidogo lililochekechwa, tukasugua kavu mpaka masizi yakatoka. Tukiuliza kwa nini tusikioshe kama vyombo vingine, alisema, "Maji na kioo cha taa ni mtu na mke mwenziwe, mjukuu wangu. Msiwakutanishe."

Alikuwa na hoja. Kioo cha kawaida kinapopata joto hutanuka, kikipoa husinyaa, tena hakipitishi joto haraka. Ukikitia maji baridi kikiwa bado cha moto, uso wake husinyaa papo hapo ilhali sehemu ya ndani haijapoa. Uso hubaki umevutwa. Kioo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, kwa hiyo hufunguka penye udhaifu, na udhaifu huwa zaidi ukingoni, pale kiwandani walipokikata. Ndiyo maana ufa wa chemli karibu kila mara huanzia mdomoni ukapanda juu.

Lakini jivu nalo lilikuwa na gharama yake. Hata likichekechwa hubaki na chembe ngumu za mchanga, na kila chembe inayoburutwa juu ya kioo huacha mchubuko. Jicho halioni kitu, ila kioo kilichosuguliwa kwa jivu miaka mingi huwa na ukungu usiotoka, na kila mchubuko ni mahali pa ufa kuanzia. Vioo vya Bibi havikupasukia mikononi mwetu. Vilipasuka usiku, juu ya meza, hakuna aliyevigusa, na waliolaumiwa ni vijini na watoto.

Maji yaliingia nyumbani na shangazi aliyekuwa mwalimu, aliporudi likizo na mche wa sabuni na utaratibu wake. Kwanza taa izimwe na kuachwa ipoe robo saa au zaidi. Kipimo chake hakikuwa saa bali shavu: unaweka shavu kwenye kioo, na ukihisi uvuguvugu wowote, hujafika. Ndipo unaivuta juu kofia ya taa kwa pete yake, unakilaza kidogo kishikio cha waya, unatoa kioo kwa kukishika tumboni, kamwe si mdomoni. Unakiweka juu ya kitambaa. Sakafu ya saruji ilikuwa mwiko, maana ni baridi na ni ngumu, na moja tu kati ya hayo mawili linatosha kukipasua.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyotushangaza: kabla ya maji, alitaka masizi yafutwe kavu kwa gazeti lililofinyangwa. Masizi ni kaboni iliyochanganyika na mafuta ambayo hayakuungua, na maji hayayashiki. Ukianza na maji unapata uji mweusi unaopakaa kioo kizima, mikono na nguo ya shule. Ukifuta kavu kwanza, sehemu kubwa hutoka na karatasi, na inayobaki ni utando wa kahawia tu.

Utando huo ndio kazi ya sabuni. Maji yawe vuguvugu, yale ambayo mkono hauyahisi kuwa ya moto wala ya baridi, na sabuni ikwanguliwe ndani yake. Kioo kinalala humo mpaka utando ulegee, kisha kinapitishwa dodoki laini lililofungwa kwenye kijiti, kwa hiyo hata mwenye mkono mkubwa sasa aliweza. Kikisuuzwa, kisuuzwe kwa maji ya uvuguvugu uleule. Mwishoni ndimu kidogo iliondoa ukungu mweupe, maana maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvichumvi.

Shangazi alisisitiza ukaushaji kuliko yote, na hapo naona alimzidi Bibi kwa maarifa. Tone moja likibaki kwenye ukingo wa chini, pale kioo kinapokaa juu ya bati, taa ikiwashwa kioo kinapata moto pote isipokuwa chini ya lile tone. Sehemu moja inatanuka, jirani yake imezuiwa, na ufa unaanzia hapohapo. Hivyo vioo vingi vinavyodaiwa kupasuka "wakati wa kuosha" vilioshwa salama vikapasuka wakati wa kuwashwa. Shangazi alikisimamisha kioo juu ya kitambaa mpaka kikauke chenyewe, akakifuta tena kwa gazeti, kisha taa ikawashwa na utambi chini, mwali mdogo tu, kwa dakika tano hivi kabla ya kupandishwa.

Bibi aliyakubali haya kwa shingo upande, lakini hakuacha desturi yake moja. Kioo kipya kutoka dukani alikichemsha. Alitandaza kitambaa chini ya sufuria, akajaza maji baridi, akalaza kioo, akatia chumvi, akawasha moto mdogo. Yakishachemka aliyaacha yapoe humohumo mpaka asubuhi. Aliamini kioo kinakomaa. Kwa kweli hakikomai: kuondoa mvuto uliobaki ndani ya kioo tangu kiwandani kunahitaji joto la zaidi ya nyuzi 500, na sufuria haivuki 100. Hata hivyo sikulidharau zoezi lile. Kioo kilichokuwa na ufa wa siri kilijitangaza ndani ya sufuria, mchana, badala ya usiku juu ya meza. Mimi napendelea jaribio la dukani: ning'iniza kioo kwenye kidole, gonga taratibu kwa ukucha. Kizima hulia kwa sauti inayoendelea. Chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa.

Mabadiliko makubwa, hata hivyo, hayakuja na sabuni. Yalikuja tulipoanza kuuliza masizi yanatoka wapi. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha chai karibu na stendi, na chemli yake ilikuwa nyeusi kiasi kwamba wateja walimtania kuwa anauza giza. Aliisafisha kila jioni, na kabla ya saa tatu usiku upande mmoja ulikuwa mweusi tena. Vioo vyake havikudumu. Alinunua kimoja baada ya kingine akimlaumu mwenye duka.

Fundi mmoja wa baiskeli alikitazama kioo kabla hakijasafishwa, na hilo ndilo lililokuwa jipya, kwamba masizi yanasomwa kwanza ndipo yanafutwa. Doa la upande mmoja, alisema, ni utambi uliokatwa mshazari. Kona moja inakuwa ndefu, inatoa ulimi wa moto unaoegemea kioo. Pale unapogusa, moto unapoa kabla haujamaliza kuunguza mafuta, na masizi yanaganda. Kisha doa jeusi lenyewe linafyonza joto kuliko kioo kisafi, hivyo upande ule unapata moto zaidi ya mwenzake. Kwa maneno mengine, kilichomchafulia mjomba kioo ndicho kilichokipasua. Masizi yakizunguka pande zote sawasawa, utambi umepandishwa mno. Na kama mwali ni mwekundu na unatoa moshi hata utambi ukiwa chini, taa haipati hewa.

Ya mjomba ilikuwa na matatizo mawili. Fundi aliushusha utambi mpaka ulingane na mdomo wake wa bati, akaufuta mkaa kwa kitambaa, akaukata kwa mkasi mkali mstari ulionyooka, kisha akapunguza pembe mbili kidogo sana ili mwali uwe na umbo la nusu duara. Halafu akaliinua bati lenye matundu lililo chini ya mwali. Matundu yalikuwa yamezibwa na mbawa za kumbikumbi na masizi ya zamani. Chemli imeundwa ili hewa safi ishuke kwa mabomba yale mawili ya pembeni na kuingia chini ya mwali kupitia matundu hayo. Watu wengi hudhani mabomba ni mishikio tu. Alisugua bati kwa mswaki mkavu, akapuliza mabomba, akairudisha taa. Tangu hapo kioo cha mjomba kilihitaji kufutwa kwa gazeti tu, na maji mara mojamoja. Tatizo ambalo fundi hakuweza kulitibu ni mafuta: yale yaliyopimwa kutoka kwenye dumu lililowahi kubeba dizeli yalitoa moshi hata utambi ungekatwa na fundi cherehani.

Mafuta ndiyo yaliyoiondoa chemli mezani. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuchanganywa kwenye dizeli, na watumiaji wa taa vijijini walilipia ujanja wa wenye malori. Tochi za betri zikaingia, kisha paneli ndogo za sola, kisha nguzo za umeme. Kibanda cha mjomba sasa kina balbu.

Mimi bado nina chemli ya Kijerumani aina ya Feuerhand kwa siku za kukatika umeme. Kioo chake ni cha aina nyingine, chenye boroni, kinachotanuka kiasi cha theluthi moja tu ya kioo cha kawaida, na kinastahimili mambo ambayo vioo vya Bibi visingeyastahimili. Bado nakifuta kavu kwanza, na bado nasubiri kipoe.

Mwanangu yeye alininunulia taa ya sola yenye umbo lilelile la chemli, na kofia, na mabomba ya bandia, na kioo cha plastiki. Hiyo inaweza kumwagiwa maji baridi wakati wowote isipasuke. Ila msichana wa kazi aliisugua kwa jivu, kama alivyofundishwa kwao, na kwa kusugua mara moja tu plastiki ikapoteza nuru kiasi ambacho kioo cha Bibi kilichukua miaka.