Jina la imeli la binti yangu

Wamama wenzangu, siku ile karani wa ofisi moja hapa Bukavu alisoma imeli ya binti yangu kwa sauti mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni: «bebe_sirene05». Kijana mmoja alicheka. Binti yangu aliinamisha kichwa. Alikuwa amepeleka dosie ya kuomba staje, na jina hilo alilifungua Yahoo akiwa na miaka kumi na tatu, kwa simu yangu mimi, nikiwa nimekaa karibu yake.

Kicheko kilipita, hasara ikabaki. Karani alinakili imeli kwa mkono, na kale kamstari ka chini hakakuonekana, kwa sababu kwenye karatasi jina lote lilikuwa limepigwa mstari. Sifuri pia aliiandika kama herufi O. Barua ya kumwita haikufika. Tulipokwenda kuuliza, staje ilikuwa imeshaanza na watu wengine.

Jumamosi tuliketi kufungua imeli mpya kwenye Gmail. Tuseme anaitwa Furaha Bahati Neema (hayo si majina yake). Nilitaka «furahabahati», lakini mtu alikuwa amekwisha kulichukua. Nikasema tutie nukta katikati. Haikusaidia, maana Gmail haihesabu nukta: furaha.bahati na furahabahati kwake ni sanduku moja. Simu ikatupendekezea tarakimu nyuma ya jina. Binti akataka kutia mwaka wake wa kuzaliwa, nami nikakataa. Kwa nini kila anayepokea barua ajue umri wake kabla hajamwona? Na leo ana miaka kumi na tisa, lakini imeli hiyo atakuwa nayo hata akiwa na arobaini.

Sisi Wakongo tuna bahati ya majina matatu. Tulichukua posnomu yake pia, tukajaribu «neema.furahabahati». Ilikubali. Haina tarakimu, haina kamstari, na majina yote yapo kwenye diploma yake, kwa hiyo anayeshika dosie anaona ni mtu yuleyule. Jina la mchumba hatukutia, wala la shule. Vyote viwili hubadilika.

Kisha nilimpigia dada yangu wa Uvira, nikamtamkia imeli mara moja tu, naye akaiandika na kunirudishia kwa ujumbe. Aliipata sawasawa. Ile ya zamani nilimjaribu nayo pia. Aliuliza mara tatu.

Binti alitaka kufuta imeli ya bebe palepale. Nikamwambia angoje, kwa sababu akisahau neno la siri la Facebook, kodi inatumwa kule. Kwanza aliingiza imeli mpya kwenye Facebook, kisha akabadilisha ile iliyo juu ya sivi yake, kopi zote nne tulizokuwa nazo nyumbani. Ya tano iko bado kwenye ofisi ile. Jumatatu atakwenda kuibadilisha mwenyewe.