Ujumbe Mrefu Usio na Ombi

Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, simu yetu hapa Mbinga ilipokea ujumbe wa mama mdogo aishiye Mbamba Bay, aliyefiwa na mumewe hivi karibuni. Haukuwa na salamu wala ombi. Ulikuwa aya moja ndefu, na haikutuchukua muda kutambua kuwa si maneno yake, kwani mama mdogo hajapata kusema "wajumbe kwa kauli moja". Ulikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo, ule unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Mtu alikuwa ameunakili na kuubandika.

Mimi na mwenzangu tulikimbilia kufupisha. Tukaandika mistari mitatu: kikao kimefanyika, kaka wa marehemu amependekezwa, mali zigawanywe kwa warithi. Tulipoulinganisha ufupisho na aya yenyewe, tukaona kuwa aya imetaja nyumba, mtumbwi na nyavu, lakini shamba la kahawa lililoko huku kwetu halimo. Neno letu "mali" lilikuwa limelifunika pengo hilo. Nalo si dogo, kwa kuwa mjane ambaye marehemu ameacha watoto hurithi thumuni, na thumuni huhesabiwa katika mali yote.

Basi tusahihishe? Jina lake liliandikwa mara likiwa na "u" mwishoni, mara bila. Tungeweza kulisawazisha, lakini sahihi ni lile lililo katika kitambulisho chake, ambacho hatukuwa nacho. Tena, ikiwa watu wamekwisha kutia sahihi, kugeuza maneno ni kuwasemesha wasiyoyasema.

Ikabaki kuuliza. Lakini kumwuliza mzee "unataka nini?" ni ukavu, na kunamrudishia kazi yote mtu ambaye pengine hakujua namna ya kuiomba. Tukaandika hivi: "Shikamoo mama mdogo. Tumeusoma muhtasari wa kikao. Tukueleze kilichomo, au tutazame makosa? Na je, umekwisha kutia sahihi?"

Hakuandika, alipiga.

"Marahaba, wanangu. Sahihi wanaitaka kesho asubuhi. Nilitaka kujua tu, shamba la huko kwenu limo?"

Kumbe hakutaka ufupisho wala usahihisho. Tukamwambia halimo. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba sentensi moja ya kupeleka kikaoni, yenye jina la kijiji na mipaka ya shamba, iongezwe kabla ya yeye kutia sahihi. Kijiji tulikijua. Mipaka hatukuwa na hakika nayo, hasa upande wa mtoni, ikatubidi kumwamsha jirani wa shamba saa nne za usiku.

Sentensi ile tulimtumia peke yake, bila ile aya, na juu yake tukaandika: "Hii ndiyo ya kuongeza."