Mchongoano: Mwenye Kukasirika Ndiye Aliyeshindwa



Wazazi wengi wanapowasikia watoto wakitupiana maneno barazani baada ya kutoka chuoni, huwakemea papo hapo. Siwalaumu, kwani Sura ya Hujurat, aya ya 11, imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Hata hivyo ni vyema kusikiliza kwanza. Si kila maneno ya namna ile ni ugomvi. Mengine ni mchezo wenye kanuni zake, nao huitwa mchongoano. Jina lenyewe latokana na kuchongoa, yaani kukipa kitu ncha kali.

Wachezaji huwa wawili, na wenzao huwazunguka. Mmoja hutoa neno la kumkejeli mwenziwe, watazamaji hucheka, kisha mwenziwe hujibu. Hapana kugusana, na hapana mwamuzi ila kicheko cha waliopo. Mchezaji hushindwa kwa njia mbili: kukosa jibu, au kukasirika. Aliyekosa jibu leo hurudi kesho na jipya. Aliyekasirika ndiye huchekwa zaidi, maana amelichukua neno la mchezo akalifanya la kweli.

Niliwahi kuwasikiliza wavulana wawili wa mtaani kwetu. Mkubwa alianza: "Mashua ya babu yako nzito, ikitoka Lamu Idi Ndogo, yafika Mombasa Idi Kubwa." Wenziwe wakacheka. Mdogo akangoja kicheko kitulie, kisha akasema: "Afadhali yetu yafika. Yenu nanga ndiyo yaelea, mashua ndiyo yazama." Kicheko kikawa maradufu. Yule mkubwa uso ukambadilika, akapaza sauti: "Mwongo! Babu yangu hana mashua!" Watoto wote wakapiga makofi. Mchezo ulikuwa umekwisha.

Tutazame alichokosea. Hakuna aliyedhani kuwa nanga ya chuma yaweza kuelea, wala hakuna aliyeuliza nani ana mashua na nani hana. Yeye akajitetea kama aliyeshtakiwa, na kule kujitetea ndiko kulikomwangusha. Mdogo wake alifanya mambo matatu: alisikiliza hadi mwisho, akasubiri kicheko kipite, kisha akajibu juu ya jambo lile lile la mashua. Kile kitambo cha kusubiri ndicho funzo lenyewe. Mwenye hasira hasikii neno lote. Hushika nusu yake akaruka. Mtoto anayetaka kushinda hana budi kuizuia nafsi yake mpaka jibu limjie. Twajua kutokana na hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwenye nguvu hasa si bingwa wa mieleka, bali ni yule anayejimiliki anapokasirika. Mchezo huu humpa mtoto nafasi ya kulijaribu jambo hilo mbele ya watu, kwa neno lisilo na madhara.

Nimesema lisilo na madhara, na hapo ndipo penye mpaka. Mchongoano husimama juu ya jambo ambalo kila mtu aona si kweli. Mtoto yatima akitajiwa baba yake, au mwenye kilema akitajiwa mguu wake, au wa nyumba isiyopikwa jioni akitajiwa sufuria tupu, huo si mchezo tena. Hapo mtoto hakushindwa kwa kukasirika. Amedhulumiwa, na haifai kumwambia avumilie. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Mzazi aweza kuutambua mpaka huo hata akiwa jikoni. Kicheko hukatika ghafla, au hucheka mmoja tu. Neno lile lile hurudiwa siku baada ya siku kwa mtoto yule yule. Naye mlengwa hajibu, huinamisha kichwa, na kesho yake hataki kutoka nje. Akiona hayo, ausimamishe mchezo na amtake aliyesema aombe radhi.

Jambo la pili ni mama na baba. Watoto wa siku hizi huanza moja kwa moja na "mama yako". Mtume (SAW) alitufundisha kwamba anayemtukana mzazi wa mwenziwe amemtukana mzazi wake mwenyewe, kwa kuwa atarudishiwa. Mchongoano wafuata njia hiyo hiyo: neno hutoka, neno hurudi. Kwa hivyo chuoni nimewawekea wanafunzi sharti moja: wachongoane kuhusu paka, mashua, saa ya ukutani na chai isiyo sukari, lakini wazazi wasitajwe. Siusifu mchezo huu kana kwamba ni ibada, maana utani wa Mtume wetu haukutoka nje ya ukweli. Ila mtoto aliyezoea kungoja kicheko kitulie kabla ya kujibu, hata siku atakapotukanwa kikweli njiani, huenda akakumbuka kungoja.