Ng'ombe mmoja, majina manne: jinsi lugha ya koko inavyoingia kwenye orodha

Mtafiti wa lugha anayepanda kutoka Arusha mjini kuelekea vijiji vya Waarusha chini ya Mlima Meru huanza kazi yake kwa maswali ambayo hata mtoto wa chekechea angeyajibu. Anakaa na koko mmoja kibarazani, anasalimia, anaomba ruhusa ya kurekodi, kisha anauliza: kichwa mnaitaje? Jicho je? Maji? Moto? Ng'ombe?

Hapo kwenye ng'ombe ndipo kazi inapoanza kuwa ngumu.

Kiswahili kinasema ng'ombe kwa mmoja na kwa mia, kwa dume na kwa jike. Kiarusha, ambacho ni lahaja ya Kimaasai, hakifanyi hivyo. Ng'ombe jike mmoja ni enkiteng. Wakiwa wengi ni inkishu, neno ambalo kwa sikio halina undugu wowote na lile la kwanza. Maksai ni olkiteng, na dume la mbegu ni oloing'oni. Koko akiulizwa "ng'ombe" tu, atajibu lolote kati ya hayo kutegemea anachokiona kichwani wakati huo. Mtafiti mgeni anaandika inkishu, anaenda kwa jirani, anapata enkiteng, halafu anadhani amegundua vijiji viwili vyenye lafudhi tofauti. Kumbe swali lake ndilo lililokuwa na kasoro.

Dawa yake inajulikana. Kila jina linaulizwa kwa umoja na kwa wingi, tena ikiwezekana kwa kuonyesha kitu chenyewe: huyu mmoja hapa, na wale wote kule zizini. Kisha linaulizwa dume na jike, hata kwa vitu visivyo na uhai, kwa sababu Kimaasai hugawa majina hivyo. Enkalem ni kisu, olalem ni sime. Shina ni lile lile, na kiambishi cha mbele ndicho kinachobadilisha udogo kuwa ukubwa. Asiyeuliza hivyo anaweza kuandika maneno mawili mbalimbali bila kuona kwamba ni neno moja lililobadilishwa kiambishi.

Orodha zenyewe zipo tayari. Iko fupi ya maneno 100 au 200, inayofaa kulinganisha lugha na lugha, na iko ndefu ya maneno 1,700 iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya lugha za Afrika. Hapa kwetu, mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, umetoa vitabu vya msamiati wa lugha kadhaa, na mwaka 2009 ukatoa atlasi ya lugha za nchi nzima. Kimaasai chenyewe kina bahati kuliko jirani zake wengi. Mwaka 1955 A. N. Tucker na Mmaasai mwenzake wa kazi, John Tompo ole Mpaayei, walitoa kitabu cha sarufi, na Biblia ipo. Lakini Kiarusha kama kinavyosemwa mashambani na sokoni hakimo sana kwenye karatasi. Nyumbani watu huandikiana kwa Kiswahili.

Tucker na Mpaayei walionyesha jambo ambalo orodha ya maneno pekee haiwezi kulionyesha. Mtu akiandika "edol embarta" kwa herufi za kawaida, msomaji hawezi kujua kama mtu anamwona farasi au farasi anamwona mtu. Herufi ni zile zile. Kinachotenganisha ni kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno embarta. Kwa hiyo mtafiti makini haridhiki na neno likiwa peke yake. Anamwomba koko aliweke ndani ya sentensi, mara likiwa mtenda, mara likiwa mtendwa, na kila mara kifaa cha kurekodi kinaendelea kufanya kazi. Irabu nazo zinahitaji sikio. Kiswahili kina tano, Kimaasai kina tisa, na anayetegemea herufi za shuleni atayachanganya maneno ambayo koko anayasikia kuwa tofauti kabisa.

Kuna na kosa la uchovu. Mtu akisomewa maneno 60 mfululizo huanza kuyataja kama anayehesabu, na sauti yake hushuka mwishoni mwa kila neno, hata pale ambapo neno halina mshuko. Utaligundua kosa hili ukiona maneno yote ya ukurasa mmoja yana umbo moja la sauti. Dalili nyingine ni maneno ya Kiswahili kuanza kujitokeza mengi kwenye majibu. Hapo daftari lifungwe, watu wanywe chai.

Pamoja na hayo, kikao cha maswali kina ukuta wake: hupati neno ambalo hukujua kuliuliza. Hakuna orodha iliyotungwa ng'ambo inayouliza habari za loshoro. Lakini koko akiombwa tu aeleze anavyopika, bila kukatizwa, kwa dakika kumi linatoka loshoro lenyewe, yanatoka mahindi yaliyokobolewa na maziwa ya mgando, na pamoja nayo vitenzi vya kukoboa, kuchemsha, kuchanganya na kukoroga, kila kimoja mahali pake. Vivyo hivyo kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, mkoani humu humu. Wana jina la mnyama aliye hai na jina jingine la mnyama huyo huyo akishauawa, linalotumika kutangaza mawindo. Anayenyooshea kidole picha ya pundamilia atapewa jina moja. La pili lisubiriwe kwenye simulizi la uwindaji.

Baada ya kurekodi inafuata kazi isiyoonekana. Dakika moja ya mazungumzo huweza kula saa nzima au zaidi ya kusikiliza, kuandika na kutafsiri, na haifanyiki bila mzungumzaji mwenyewe kukaa kando. Mara nyingi anayefaa ni kijana wa kijijini aliyesoma, ambaye anarudia maneno ya koko polepole, sentensi kwa sentensi. Kila neno jipya linaingizwa kwenye kamusi ya kompyuta likiwa na sentensi lilimotoka, jina la rekodi na dakika yake, ili mwingine akilitilia shaka aende akasikilize mwenyewe. Rekodi isiyo na tarehe, mahali na jina la msemaji haifai sana, hata sauti ikiwa safi.

Mzazi wa Sakina au Njiro mwenye mama yake kijijini anaweza kuifanya sehemu ya kazi hii kwa simu. Aombe ruhusa kwanza, na aseme wazi nani ataisikiliza. Aketi mbali na barabara ya bodaboda na asiwe chini ya bati mvua ikinyesha. Ataje mwanzoni tarehe, kijiji na jina la anayezungumza, aweke simu mezani bila kuishikashika, kisha aombe simulizi badala ya maneno: shamba la ndizi lilivyolimwa, harusi ilivyokwenda, loshoro linavyopikwa. Faili asili likae kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili, kwa sababu ni rahisi simu kupotea. Halafu, kabla ya mwezi kwisha, arudi akae na mama yake wasikilize pamoja, na kila neno asilolijua aulize maana yake na kuiandika.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo isiyoweza kufanywa baadaye na mtu mwingine.