Saa ya Muuguzi Mpya

Dada yangu akaaye Migori alinitaka shauri juu ya zawadi ya binti yake, aliyehitimu uuguzi na anayekwenda kuanza kazi Homa Bay. Baina yetu tulikuwa na shilingi 3,000. Moyo wa mama ulikuwa umekwisha kuiangukia saa nyembamba ya rangi ya dhahabu, yenye vijiwe pembezoni, kwa shilingi 2,800. Dhahabu kwa mwanamke ni halali, wala hilo halikunisumbua; angekuwa mpwa wa kiume, ningekuwa na neno. Kilichonisumbua ni kwamba saa ile ilikuwa na mishale miwili tu.

Muuguzi huhesabu mapigo ya moyo kwa kushika kifundo cha mkono wa mgonjwa huku akiutazama mshale wa sekunde. Mapigo yakienda sawasawa, huhesabu kwa sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili; yakirukaruka, hana budi kuhesabu dakika nzima. Saa isiyo na mshale huo ni pambo tu wodini. Tena afadhali uso uwe mweupe, wenye vijistari vya dakika vinavyoonekana, na duara la ndani lenye nambari 13 hadi 24. Sisi Waswahili husema saa kumi alasiri, lakini kwenye faili la mgonjwa dawa ile huandikwa 16:00, na usingizi wa zamu ya usiku si rafiki wa hesabu.

Kisha liko suala la mkono wenyewe. Vijidudu hujificha chini ya mkanda, na mkanda huzuia mikono kuoshwa vizuri. Ndiyo sababu wauguzi wengi huivua saa ya mkononi wanapohudumia wagonjwa, na kubandika kifuani saa ya pini. Hiyo huning'inia kichwa chini, ili aliyeivaa akiinamisha macho aisome imesimama wima.

Tukagawa fedha. Shilingi 600 zikanunua saa ya pini, na 2,300 saa ya mkononi yenye mkanda wa chuma, ya kwendea kazini na harusini. Kabla ya kulipa nilivuta kitufe cha pembeni mpaka mshale wa sekunde ukasimama, nikaulinganisha na simu, kisha nikakirudisha. Baada ya dakika kumi vilikuwa vingali pamoja. Ukiona mshale unatua kati ya vijistari badala ya juu yake, ujue haikuundwa vyema.

Nyuma iliandikwa mita 30. Maandishi hayo hayana maana ya kuzama mita 30: hustahimili matone ya mvua na maji ya kunawa, wala si ya kuogelea ziwani. Kwa udhu ataivua, au ataisogeza ili maji yafike kwenye ngozi. Mama mtu bado anasema ile ya vijiwe ilikuwa nzuri zaidi, na kwa macho tu, asema kweli.