Motó Moja, Maandishi Mawili

Wengi wetu katika kitivo tumewahi kuandika neno *mwana* tukaona kwenye skrini `;zqnq`. Jana kompyuta ilikuwa nzima, usiku ikapokea sasisho, asubuhi inaandika mambo yake. Wapo wanaodhani kibodi, au klavye tunavyozoea kusema, imekufa. Haijafa. Kitufe hakijui herufi iliyochorwa juu yake. Kinachotuma ni namba ya mahali kilipo tu. Mpangilio uliochaguliwa ndani ya kompyuta ndio unaoamua namba hiyo iwe herufi gani. Klavye zetu nyingi ni za AZERTY. Sasisho likiweka mpangilio wa Marekani, yaani QWERTY, kitufe cha M kinatoa nukta-mkato, cha W kinatoa z, na cha A kinatoa q. N inabaki n, maana mahali pake ni pale pale katika mipangilio yote miwili.

Kosa la namna hii halinisumbui, kwa sababu linajitangaza. Ninalotaka kueleza hapa ni lile linalonyamaza.

Kwa ajili ya tasnifu yangu nakusanya majina ya Lingala na toni zake. Anayefahamu Lingala anajua kwamba *moto* ni mtu, *motó* ni kichwa, na *mɔ́tɔ* ni moto unaowaka. Bila alama ya toni na bila irabu ɔ, maneno matatu yanakuwa moja. Sehemu ya kwanza ya orodha niliipata kwa wazee, sehemu ya pili kwa vijana. Maneno ya wazee niliyaandika kwa mpangilio wa Keyman, ambao unakuruhusu kuandika irabu kwanza kisha kuongeza toni juu yake.

Kabla sijaanza maneno ya vijana, sasisho likapita. Mpangilio wa Keyman ukatoweka kwenye orodha, na mahali pake ukakaa wa Ubelgiji. Pembeni chini ya skrini bado palisomeka FRA kama kawaida, kwa kuwa Ufaransa na Ubelgiji yote ni Kifaransa. Herufi zilitoka sawa: a ilikuwa a, m ilikuwa m. Kilichonijulisha ni kistari. Katika AZERTY ya Ufaransa, kitufe cha 6 bila Shift kinatoa kistari. Katika ile ya Ubelgiji kinatoa §. Vilevile kitufe cha 8 kinatoa mstari wa chini kwa Mfaransa, na alama ya mshangao kwa Mbelgiji. Anayetaka kujua yuko katika mpangilio upi abonyeze 6 na 8, atapata jibu kabla ya kufungua ukurasa wowote wa marekebisho.

Mpangilio wa Ubelgiji una jambo moja jema kwetu: ukishika AltGr pamoja na ù, kisha ukabonyeza o, unapata ó. AZERTY ya kawaida ya Ufaransa haina njia hiyo. Basi maneno ya vijana nikayaandika hivyo, nikichukua ɔ na ɛ kutoka katika faili la zamani. Kwenye skrini *motó* ya wazee na *motó* ya vijana zilikuwa sawasawa, hata ukikaza macho.

Orodha ilipokamilika, nikaandika programu fupi ya Python ihesabu majina yanayoishia kwa ó. Ikaleta 24, yote ya vijana. Kwa wazee haikuleta hata moja. Mtu wa isimu akiona matokeo kama hayo moyo unamruka: ina maana toni ya juu ya mwishoni imezaliwa katika kizazi kimoja! Lakini nilikuwa na sauti za wazee wenyewe kwenye simu, na ndani yake *motó* ilipanda waziwazi mwishoni. Sikio lilisema ndiyo, hesabu ikasema hapana.

Sababu ni hii. Katika Yunikodi, ó inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama msimbo mmoja, U+00F3, au kama misimbo miwili, yaani o ikifuatwa na alama ya toni, U+0301. Mpangilio wangu wa Keyman uliandika miwili. Ule wa Ubelgiji uliandika mmoja. Macho yanaona neno moja, kompyuta inaona mawili:

```python
import unicodedata
a = "mot\u00f3"
b = "moto\u0301"
print(a == b, len(a), len(b))   # False 4 5
print(unicodedata.normalize("NFD", a) == b)   # True
```

Na kwa kuwa lile ó ndani ya programu nililiandika kwa klavye ya siku hiyo, liliwatambua ndugu zake tu.

Asiyetumia Python ana njia nyingine. Katika Excel ya Kifaransa, `NBCAR` inahesabu alama za neno: *motó* ikitoa 4 mahali pamoja na 5 mahali pengine, orodha imechanganyika. Au weka mshale baada ya ó, bonyeza kitufe cha kufuta mara moja. Katika programu nyingi za kuandikia, ikiondoka toni peke yake ikabaki o, misimbo ni miwili. Ikiondoka herufi nzima, ni mmoja.

Mstari wa mwisho wa programu hapo juu ndio dawa. NFD inatenganisha kila irabu na toni yake katika orodha nzima. NFC inaziunganisha pale ambapo herufi iliyounganika ipo. Kwa lugha zetu nimechagua NFD. Herufi moja ya ɔ́ haimo katika Yunikodi, hivyo hata ukitumia NFC, *mɔ́tɔ* itabaki na alama 5 wakati *motó* inakuwa na 4. Kwa NFD zote zina 5, na kila toni ya juu inahesabika kwa kutafuta U+0301 tu. Ni karibu na jinsi tunavyofundishwa toni tangu Goldsmith mwaka 1976: toni ina ngazi yake, irabu ina yake.

Dawa hii ina mpaka. Mtu akikosa ɛ, akachukua ε ya Kigiriki katika orodha ya alama, NFD haitamsaidia, kwa sababu hizo ni herufi mbili tofauti zinazofanana sura. Hapo ni kutafuta na kubadilisha moja baada ya nyingine.

Ili jambo lisirudi, katika Windows nilifungua Paramètres, kisha Heure et langue, nikaondoa mpangilio wa Ubelgiji na kurudisha wa Keyman. Mpangilio ukionekana pembeni lakini haumo katika orodha, uongeze kwanza ndipo uufute. Mara nyingi unaondoka hivyo. Mikato ya Alt na Shift inayobadilisha lugha bila mtu kukusudia nimeizima. Wenye Linux wana bahati: upo mpangilio wa AZERTY wa nchi yetu wenyewe, wenye ɛ na ɔ, unaoitwa kwa `setxkbmap cd`.

Baada ya NFD hesabu ilirudiwa: wazee 27, vijana 24. Hakuna kizazi kilichozaa toni. Sura niliyokuwa nimeanza kuiota haitaandikwa, na *motó* ya wazee imerudi mahali pake katika orodha.