Sange: karanga mbovu zisipelekwe kwenye mashine

Wakaaji wengi wa bonde la Ruzizi, teritwari ya Uvira, hufikiri kwamba karanga yenye kuvu ikikaangwa na kusagwa huwa safi. Si kweli. Kuvu lenyewe hufa kwa moto, lakini sumu ambayo limekwisha kuacha ndani ya punje, iitwayo aflatoksini, haiishi kwa kupika nyumbani. Haina harufu wala rangi. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, ini lake linaweza kushikwa na kansa, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Mama mmoja mkulima wa Sange alivuna karanga na mahindi mvua zikiwa bado. Kuvu hilo hupenda joto na unyevu, na mara nyingi huingia pale ganda lilipopasuka au mdudu alipotoboa. Kwa hiyo hakuanika chini kwenye udongo, alitandika turubai, na kila wingu lilipokaribia alikusanya na kufunika. Karanga alizipima kwa kuzitikisa: zikikauka, punje hulia ndani ya ganda.

Mahindi aliyapima kwa chumvi. Alichukua chupa kavu, akatia chumvi kavu kidogo, akaongeza mahindi hadi sehemu moja ya tatu ya chupa, akatikisa kwa dakika moja, kisha akaacha yatulie dakika 15. Chumvi ilinata kwenye chupa, maana yake mahindi yalikuwa na unyevu zaidi ya 15%. Siku ambayo haikunata tena, bado hakuyafunga ndani ya gunia. Aliyaanika siku mbili zaidi, kwa sababu mahindi ya kuwekwa akiba yanatakiwa kushuka hadi 13%. Magunia aliyapanga juu ya vibao, mbali na ukuta.

Kazi iliyomchosha ni kumenya. Jirani alimshauri alowanishe maganda ili yalainike upesi. Alikataa, kwani maji hayo hurudisha unyevu uliofukuzwa na jua. Alimenya kwa mkono, makavu, na kutenga punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zilizoota kuvu. Zikajaa nusu ndoo.

Kulikuwa na mnunuzi wa punje hizo kwa bei ya chini, ili azisage. Feza hiyo ingemsaidia, lakini karanga ikisagwa hakuna anayeweza kuitambua tena, na unga wake huishia ndani ya sombe au uji wa mtoto. Kuku pia huumizwa nayo, na ng'ombe akiila, sumu hupita ndani ya maziwa. Mama alizifukia katika shimo.

Kuchagua hakuondoi sumu yote, kwa kuwa hata punje nzuri kwa macho inaweza kuwa nayo. Lakini sehemu kubwa ya sumu hukaa ndani ya punje chache mbovu, na hizo mkono unaweza kuzitoa.